Sentimita mbili za yule binti

Niliandika 73.0 kwenye rejista nikahamia safu iliyofuata. Ilikuwa saa nane mchana, foleni imebaki mama mmoja, na mwenzangu niliyekuwa naye kwenye ubao wa kupimia urefu tangu asubuhi alikuwa ameitwa chumba kingine. Mtoto alikuwa binti wa miezi 13, analia kwa sauti nyembamba na kujikunja kila nilipomlaza. Nilimwomba mama yake amshike kichwa, nami nikabana miguu kwa mkono mmoja na kusukuma kibao cha nyayo kwa mkono wa pili. Kilio kilinifanya niharakishe kusoma. Uzito nilikuwa nao tayari: kilo 7.0, bila nguo, mizani ikiwa imeanzia sifuri.

Nilifungua jedwali la uzito kwa urefu, upande wa wasichana, mstari wa sentimita 73. Ule mstari unasema hivi: uzito wa katikati ni kilo 8.8, alama ya -2 iko kwenye kilo 7.4, na alama ya -3 iko kwenye kilo 6.8. Kilo 7.0 imeangukia kati ya 6.8 na 7.4. Kwa hiyo binti yuko kati ya hasi tatu na hasi mbili, na jina la hali hiyo ni utapiamlo wa kadiri. Nikapima na mzingo wa mkono kwa utepe, nikapata milimita 118. Utepe nao una mipaka yake: chini ya 115 ni utapiamlo mkali, kuanzia 115 hadi chini ya 125 ni wa kadiri. Vipimo viwili vilikuwa vimesema neno moja, na hilo lilinituliza. Nilimpa mama ushauri wa ulishaji, nikampangia tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili, wakaondoka.

Jioni dada aliyekuwa msimamizi wangu alikaa kupitia rejista, kama alivyofanya kila siku. Alikuwa na kadi za watoto pembeni, kwa kuwa siku hiyo tulizibakiza ili kunakili taarifa. Aliposhika kadi ya yule binti, kidole chake kilisimama.

"Mdogo wangu, huyu mwezi uliopita alikuwa na urefu gani?"

Nikasoma kwenye kadi: 74.5.

"Na leo umeandika 73.0. Mtoto anaweza kupungua uzito, hata kwa siku mbili. Urefu haupungui. Sasa niambie, nani alikushikia magoti?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu magoti hayakushikwa na mtu.

Kabla sijaeleza kilichotokea kesho yake, inafaa niseme zile -2 na -3 za jedwalini, zinazoitwa alama ya Z, ni kitu gani, kwa sababu mimi mwenyewe kwa miezi kadhaa niliisoma jedwalini bila kuielewa. Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vyake vya ukuaji wa watoto mwaka 2006, baada ya utafiti uliofanyika kati ya 1997 na 2003 katika nchi 6: Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Walichaguliwa watoto waliokuwa wakikua katika mazingira mazuri: wananyonyeshwa inavyoshauriwa, mama zao hawavuti sigara, na wanapata huduma za afya. Watoto hao walipopangwa kwa urefu, ilionekana kwamba wasichana wenye sentimita 75, kwa mfano, hawana uzito mmoja. Wengi wanakusanyika karibu na kilo 9.1, wachache wako juu, wachache wako chini. Alama ya Z inaeleza mtoto wako yuko umbali gani kutoka pale katikati, na kipimo cha umbali huo ni mkengeuko sanifu, yaani ule mtawanyiko wa kawaida wa watoto wenye afya wa urefu huo na jinsia hiyo. Sifuri ni katikati penyewe. Chini ya -2 wanaangukia watoto wenye afya kama 2 tu katika kila 100. Chini ya -3 ni kama mmoja katika kila 1,000. Ndiyo maana mtoto aliye chini ya -3 hatumwiti mwembamba wa asili. Wembamba wa asili wa kiasi hicho ni nadra mno, na mbele yako kuna maelezo mengine yenye uwezekano mkubwa zaidi.

Angalia pia kwamba umri haumo katika hesabu hiyo. Uzito unalinganishwa na urefu, na kinachoonekana ni ukondefu, yaani mwili uliopungua nyama na mafuta kwa urefu ulionao. Udumavu ni swali jingine na una kipimo chake, urefu kwa umri. Mtoto aliyedumaa anaweza kabisa kuwa na uzito unaotosha ule urefu wake mfupi, na alama yake ya uzito kwa urefu ikawa nzuri. Kutohitaji umri ni nafuu kubwa pale tarehe ya kuzaliwa haijulikani vizuri, lakini nafuu hiyo ina gharama yake. Mzigo wote unabebwa na namba mbili tu, na mojawapo ni urefu, ambao kati ya vyote tunavyopima ndio mgumu kuupata sawasawa kwa mtoto anayelia.

Asubuhi yake mama alirudi na binti, baada ya ujumbe wetu kumfikia usiku. Dada alinitaka nipime upya yeye akinishikia. Ubao uliwekwa sakafuni palipo sawa. Vibanio vya nywele vilitolewa, na fundo la nywele utosini likafunguliwa. Dada alipiga magoti nyuma ya kichwa cha mtoto, akakishika pande zote mbili kwa viganja, utosi ukigusa ubao wa kichwani na macho yakitazama juu moja kwa moja. Mimi nilikaa ubavuni. Mkono wa kushoto niliuweka juu ya magoti, nikayashusha taratibu mpaka miguu ikalala yote ubaoni, na mkono wa kulia ukasogeza kibao mpaka kikagusa visigino vyote viwili, vidole vya miguu vikiangalia juu. Mama alikaa mahali ambapo mwanawe angemwona uso, akawa anaongea naye. Binti alilia vilevile. Tofauti ni kwamba safari hii kilio hakikuweza kumkunja.

75.1. Tukamwinua, tukamlaza tena: 75.0. Mizani tena: 7.0.

Sasa rudi jedwalini, mstari wa sentimita 75, wasichana. Katikati ni 9.1. Alama ya -2 ni kilo 7.7. Alama ya -3 ni kilo 7.1. Mtoto wetu ana 7.0. Yuko chini ya hasi tatu, naye ana utapiamlo mkali.

Hakuna gramu iliyobadilika mwilini mwake tangu jana. Nilichokuwa nimefanya ni kumnyang'anya sentimita mbili kwa magoti yaliyokunjwa, na kwa jinsi hesabu ilivyojengwa, kumfupisha mtoto ni kumnenepesha kwenye karatasi. Kilo 7.0 kwa sentimita 73 ni kama alama -2.6. Kilo hizohizo kwa sentimita 75 ni kama -3.1. Kwa urefu wa aina hii kila sentimita moja inayokosewa inasogeza alama kwa takribani robo nzima, na mipaka yetu haina upana wa kusamehe robo.

Uzito nao hukosewa, ila makosa yake yana tabia tofauti. Kati ya -3 na -2 kwenye ule mstari wa 75 kuna gramu 600 tu, kwa hiyo gramu 100 za nepi iliyolowa au sweta ni sehemu ya sita ya safari nzima kutoka kundi moja kwenda jingine. Si kitu kidogo. Lakini nepi unaiona, na mizani unaipima kila asubuhi kwa kitu chenye uzito unaojulikana. Goti lililopinda kidogo chini ya kiganja chako halionekani kwa urahisi, na likishaandikwa linabaki namba safi kama namba nyingine yoyote.

Kuna jambo ambalo lilinichukua muda zaidi kulikubali, nalo ni ule utepe wa mkono. Siku ya kwanza milimita 118 zilinihakikishia kwamba nimepatia. Siku ya pili tulipima tena tukapata 118 ileile, na binti alikuwa bado ni mgonjwa wa utapiamlo mkali. Utepe haukukosea. Mzingo wa mkono na uzito kwa urefu ni vigezo viwili vinavyojitegemea, na watoto vinavyowanasa hawalingani wote. Wengine wananaswa na vyote viwili, wengine na kimoja tu. Kanuni ni kwamba kigezo kimoja kikitimia kinatosha. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 mwenye alama chini ya -3, au mzingo chini ya milimita 115, au uvimbe wa miguu yote miwili, ana utapiamlo mkali, hata kama vigezo vingine viwili havijatimia. Mimi nilikuwa nimevitumia kama mashahidi wanaopaswa kukubaliana, nikachukua makubaliano yao kuwa ushahidi. Ningejua hivyo tangu mwanzo, ile 118 isingenipa utulivu wowote kuhusu ubao.

Kwa binti mabadiliko yalikuwa makubwa. Utapiamlo wa kadiri ungemwacha kwenye ushauri na kuonana tena baada ya wiki mbili. Utapiamlo mkali ulimaanisha uchunguzi kamili siku hiyohiyo, kutafuta homa, kuhara, kikohozi na dalili za hatari, kisha jaribio la hamu ya kula: unampa chakula dawa, yaani chakula maalumu cha kutibu utapiamlo, mbele yako na kutazama kama anakila. Alikila, polepole, akimtazama mama yake. Hakuwa na uvimbe wala tatizo jingine lililohitaji kitanda, kwa hiyo alianza matibabu akiwa nyumbani na kurudi kwetu kila wiki.

Nimetaja uvimbe, nao unastahili nafasi yake, maana ndipo alama ya Z inapoweza kumdanganya hata mtu aliyepima vizuri kabisa. Miezi michache baadaye aliletwa mvulana wa sentimita 80 mwenye kilo 9.3. Kwa mvulana wa urefu huo, -2 ni kilo 8.9 na -1 ni kilo 9.6, basi alama yake ilikuwa karibu -1.4. Kwa namba hiyo peke yake angeambiwa yuko salama. Lakini nilibonyeza kwa kidole gumba juu ya wayo wa kushoto kwa sekunde 3, nikafanya vivyo hivyo kulia, na nilipoondoa kidole mashimo yalibaki pande zote mbili. Zile kilo 9.3 zilikuwa na maji ndani yake. Mtoto mwenye uvimbe wa namna hiyo miguu yote miwili huhesabiwa moja kwa moja kuwa na utapiamlo mkali, na alama yake ya Z haiulizwi. Tulimpeleka kulazwa. Maji yalipotoka alifika kilo 8.4, na kwa siku zile kupungua uzito ndiko kulikokuwa kupona. Mama yake alishtuka alipoona mizani inashuka, na ilibidi nikae naye nimweleze kwa nini tunafurahi. Tangu hapo nabonyeza miguu kabla ya kugusa mizani, ili namba ya uzito isije ikanishawishi mapema.

Suala la kulaza au kusimamisha nalieleza kwa ufupi. Aliye chini ya miezi 24 hupimwa amelala, aliyetimiza miezi 24 hupimwa amesimama, na kama umri haujulikani, mpaka ni urefu wa sentimita 87. Mwili uliolala huonekana mrefu kuliko uliosimama kwa takribani sentimita 0.7. Mtoto wa miaka miwili na nusu akikataa kusimama ukamlaza, toa 0.7 kabla ya kusoma jedwali la waliosimama. Usipotoa, umemrefusha, naye ataonekana mkondefu kuliko alivyo.

Baadaye nilikuja kusimamia vikundi vya wapimaji katika tathmini ya lishe, kaya kwa kaya. Hapo niliona kosa la magoti likivaa sura nyingine. Kwa mtoto mmoja, kosa linampeleka upande mmoja tu. Katika watoto mia kadhaa, wengine wanafupishwa na wengine wanarefushwa kwa vidole vya miguu vilivyochongoka au fundo la nywele, na mtu angedhani makosa hayo yatafutana. Wastani kweli hautikisiki sana. Kinachoharibika ni mtawanyiko, na ukondefu tunauhesabu kwenye mkia wa mtawanyiko.

Fanya hesabu hii. Jamii ina watoto ambao wastani wa alama zao ni -0.8, na mkengeuko sanifu ni 1.0. Kama alama zimetawanyika kwa umbo la kawaida la kengele, walio chini ya -2 ni kama asilimia 11.5. Sasa wapimaji wazembee, makosa ya huku na huku yapanue mkengeuko hadi 1.2, wastani ukibaki palepale. Walio chini ya -2 wanakuwa karibu asilimia 16. Walio chini ya -3 wanatoka asilimia 1.4 hadi 3.3, zaidi ya mara mbili. Kwa viwango vinavyotumiwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, asilimia 10 hadi chini ya 15 inaitwa juu, na 15 kwenda mbele inaitwa juu sana. Jamii nzima imevushwa mpaka na mikono ya wapimaji. Chakula dawa kitaagizwa kwa ajili ya watoto wasiokuwepo, na huenda kikaondolewa mahali kinapohitajika kweli.

Kwa hiyo kila jioni ya tathmini, kabla ya kula, tunaingiza data na kutazama mambo mawili kwa kila kikundi. La kwanza ni mkengeuko sanifu wa alama: ukiwa kati ya 0.8 na 1.2 tunaendelea, ukivuka hapo kikundi kinarudi ubaoni asubuhi. La pili ni tarakimu ya mwisho ya urefu. Urefu ukisomwa hadi milimita, kila tarakimu kuanzia 0 hadi 9 inapaswa kutokea karibu mara moja katika kila kumi. Niliwahi kuwa na kikundi ambacho zaidi ya nusu ya namba zao ziliishia na .0 au .5, ambapo ilitarajiwa moja katika tano. Sikuwagombeza. Niliwauliza nani anashika magoti, wakatazamana, na ikajulikana kwamba mshikaji wao alikuwa pia ndiye mwandishi, akiachia miguu kila mara ili ashike kalamu. Tuliwapa mtu wa tatu wa kuandika, na siku iliyofuata namba zilitawanyika zenyewe.

Yule binti wa kwanza alikaa kwenye matibabu wiki nane. Utepe wake ulifika milimita 125 akiwa kwenye wiki ya sita, na mama aliuliza kama wamemaliza. Ilibidi nimwambie bado. Mtoto hutolewa kwa kigezo kilekile alichoingilia, naye aliingia kwa uzito kwa urefu, kwa hiyo alipaswa kufika -2 au zaidi na kubaki hapo ziara mbili mfululizo. Nikamwonyesha pia kitu ambacho jedwali linakifanya na mzazi asipoambiwa atadhani tunamchezea: mwanawe alikuwa anarefuka, na mstari wa kufikia ulikuwa unasogea naye. Alipoanza, -2 ilikuwa kilo 7.7. Alipofika sentimita 76 ikawa 7.8.

Wiki ya saba mizani ilisema 7.8. Wiki ya nane nilimlaza ubaoni, dada akiwa kichwani, mkono wangu juu ya magoti ambayo sasa yalikuwa na nguvu ya kunisukuma. 76.1, kisha 76.0. Kilo 7.9. Niliandika, nikamwonyesha dada, naye akachukua kadi na kutazama safu ya urefu kuanzia juu hadi chini kabla ya kusaini.